Mstari wa Pili: Mjadala Kuhusu Maoni Tunayomwandikia Msanidi Mchanga

Msanidi mchanga, mgeni kazini, amefungua ombi la kuunganisha msimbo wake, lile ambalo maofisini huitwa PR tu. Mfumo ni wa ada za shule: mzazi analipa kwa simu, kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye seva ya shule, na deni la mwanafunzi linapungua. Yeye alipewa kuandika upya sehemu inayoipokea taarifa hiyo, kwa Python na Django. Majaribio yote aliyoyafanya kwenye kompyuta yake yamepita.

```python
def pokea_malipo(data):
    if Malipo.objects.filter(risiti=data["risiti"]).exists():
        return
    Malipo.objects.create(risiti=data["risiti"],
        mwanafunzi_id=data["mwanafunzi"], kiasi=data["kiasi"])
    m = Mwanafunzi.objects.get(id=data["mwanafunzi"])
    m.deni = m.deni - data["kiasi"]
    m.save()
```

Msimbo huu nimeuweka mbele ya watu watano na kuwauliza swali moja: mngemwandikia nini pembeni ya mstari wa pili, na kwa maneno gani? Nawataja kwa kazi zao: kiongozi wa timu, ambaye ni dada aliyepitia misimbo ya wenzake kwa miaka mingi, mtu wa seva, ambaye simu yake ndiyo huita usiku mfumo ukianguka, mwalimu wa chuo, meneja wa mradi, na kijana mwingine aliye katika mwaka wake wa kwanza kazini.

Mtu wa seva: Mimi sina maneno mengi. Ningeandika: "Tumia `get_or_create`." Basi. Django imeshaliona tatizo hili, njia ipo, kijana akaisome. Maoni marefu hayasomwi na mtu.

Kiongozi wa timu: Tatizo lipi, kaka? Lieleze kwanza.

Mtu wa seva: Taarifa ikija mara mbili. Kampuni ya simu isipopata jibu mapema inairudia.

Kiongozi wa timu: Lakini hilo kijana ameliwaza. Ndiyo maana ameangalia risiti kabla ya kuandika. Taarifa ikija saa nne na ikarudi saa nne na dakika tano, msimbo wake unafanya kazi sawasawa. Shida ni pale zinapoingia mbili kwa pamoja, kila moja ikashikwa na mchakato wake kwenye seva. Wa kwanza anauliza kama risiti ipo, anaambiwa haipo. Kabla hajaandika, wa pili naye anauliza, naye anaambiwa haipo. Wote wawili wanaandika. Sasa, ukimwambia "tumia `get_or_create`" ukanyamaza, ataitumia, na tatizo litabaki palepale.

Mtu wa seva: Litabakije? Si ndiyo kazi yake hiyo?

Kiongozi wa timu: Ndani yake nayo inatafuta kwanza, ikikosa inaandika. Inachozidi msimbo wa kijana ni kwamba hifadhidata ikikataa kuandika kwa sababu mwingine amewahi, inarudi na kuichukua rekodi iliyopo. Lakini hifadhidata itakataa tu kama umeiambia kwamba risiti haiwezi kujirudia. Kwenye jedwali lake hakuna `unique=True`, kwa hiyo hifadhidata itazipokea zote mbili. Kisha taarifa ileile ikija mara ya tatu, `get_or_create` itakuta rekodi mbili na kurusha kosa la `MultipleObjectsReturned`. Simu itaita kwako, kaka, usiku huohuo.

Mtu wa seva alikubali hapohapo, na nampongeza kwa hilo. Lakini tuangalie kilichotokea. Mtu mwenye uzoefu, kwa nia njema, alitaka kuandika maoni mafupi na ya wazi, yenye jina kamili la kitu cha kufanya. Kijana angetii na PR ingeunganishwa, huku kosa likiwa limehamia ndani ya mstari mwingine ambako ni vigumu zaidi kuliona. Maoni yake yalitaja dawa bila kutaja njia ambayo madhara hupita. Mwenye kutaja njia hiyo, hata akikosea dawa, anamwachia msomaji kitu cha kupimia.

Mwalimu: Hapo ndipo ninapotaka kuingia. Mnabishana dawa ipi aandikiwe, na mimi nasema asiandikiwe dawa yoyote. Mwanafunzi ukimpa jibu, amepata jibu la leo tu. Ningeandika swali: "Itakuwaje taarifa mbili zenye risiti moja zikifika kwa wakati mmoja?" Akae nalo. Michael Fagan alipoandika kuhusu ukaguzi wa msimbo pale IBM mwaka 1976, kikao chake kilikuwa cha kutafuta makosa, si cha kuyatatua. Kurekebisha ilikuwa kazi ya mwenye msimbo, baadaye.

Kiongozi wa timu: Ni kweli, mwalimu. Ila kwenye kikao cha Fagan watu walikaa meza moja. Mwenye msimbo alisikia sauti, aliona nyuso, na alikuwepo mwendeshaji wa kikao aliyefuatilia marekebisho mpaka mwisho. Huyu kijana wetu anasoma sentensi moja kwenye kioo, peke yake, pengine usiku.

Kijana: Naomba niseme. Swali kama hilo la mwalimu mimi nikilipata, sijui kama ni swali. Najiuliza: je, dada hajui, anataka nimweleze? Au anajua, na ananiambia nimekosea? Nikijibu kwamba nimeshaangalia risiti hapo juu, nitaonekana mbishi. Nikinyamaza, nitaonekana sijasoma. Na likianza na "kwa nini", kama "kwa nini hukufanya hivi?", mimi husikia nimeshakaripiwa. Yapo maswali niliyokaa nayo mchana kutwa nikitafuta kosa ambalo halikuwepo, kumbe mwenzangu alikuwa anauliza tu.

Mwalimu: Basi tuliandike vizuri zaidi, lakini tusiliondoe. Darasani nimewaona wanaonakili mistari kumi bila kuelewa hata mmoja.

Kiongozi wa timu: Sikatai, mwalimu. Nataka swali lako liwe na mlango. Mpe njia ya kuliona kosa kwa macho yake. Aweke `time.sleep(3)` kati ya mstari wa tatu na wa nne, afungue terminali mbili, atume taarifa ileile kwa `curl` kutoka zote mbili kabla sekunde tatu hazijaisha. Kisha aangalie jedwali. Atakuta malipo mawili kwa risiti moja. Akishayaona hayo, hahitaji kuniamini mimi.

Hapa nasimama na kiongozi wa timu bila kusita. Majaribio ya kijana yalipita kwa sababu kwenye kompyuta yake taarifa hufika moja baada ya nyingine, na pengo kati ya kuuliza na kuandika ni la milisekunde chache. Hawezi kulihisi. Kumwambia "hii si salama" ni kumtaka aamini jambo ambalo kila alichokiona kinalipinga. Zile sekunde tatu zinalipanua pengo mpaka mkono wa mtu unaweza kupita ndani yake. Hakuna kifungu cha maneno matamu kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Nilimwomba kiongozi wa timu ayaandike maoni yake yote kama angeyaweka kwenye PR. Aliandika hivi:

> Lazima kabla ya kuunganisha. Kuangalia risiti kabla ya kuandika ni uamuzi sahihi, usiuondoe. Kuna nafasi moja imebaki wazi: taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, zote zinapita `exists()` kabla yoyote haijaandika, na mzazi aliyelipa mara moja anaandikiwa malipo mawili. Ukitaka kuona, weka `time.sleep(3)` kabla ya `Malipo.objects.create` na utume `curl` ileile kutoka terminali mbili. Naomba: weka `unique=True` kwenye `risiti` pamoja na migresheni yake, kisha badili `exists` na `create` ziwe `get_or_create` inayotafuta kwa `risiti` peke yake, na deni lipunguzwe pale tu rekodi inapokuwa mpya. Ukikwama kwenye migresheni niite, tuiangalie pamoja.

Mtu wa seva: Ni mazuri, ila ni marefu. Na hiyo sifa ya mwanzo ni ya nini? Linux imejengwa kwa maneno makali na inaendesha dunia.

Kiongozi wa timu: Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa barua zake za matusi, akakaa kando kwa muda. Sitaki kumfanya ushahidi wa njia ambayo yeye ameijutia. Na ile si sifa, kaka. Soma tena.

Kijana: Mimi nimeisoma kama maelekezo. Nikiambiwa mstari wa pili una kosa, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuufuta wote nianze upya. Pengine ningeondoa hata wazo la kuangalia risiti, nikidhani ndilo lenye makosa. Sasa najua nibakishe nini. "Kazi nzuri" peke yake hainisaidii, maana kila mtu anaiandika, hata juu ya PR anayotaka kuikataa. Ukiniambia ni kipi kizuri, nakiacha mahali pake.

Sikuwa nimeliwaza jambo hilo namna hiyo. Mabishano ya iwapo mdogo asifiwe au asisifiwe huwa yanahusu moyo wake. Kijana ameyaleta kwenye msimbo: mwenye uzoefu mdogo hajui kosa lake linaishia wapi, kwa hiyo mpitiaji amwekee mpaka. Upande huu ni sahihi, upande huu haujakamilika.

Meneja: Nimewasikiliza, lakini hamjagusa swali lenyewe, ambalo ni muda. Shule zinafungua Januari. Nilishakuwa na mradi ambapo PR ya kijana ilikaa wiki nzima ikijaa maoni, moja kuhusu jina la kigezo, jingine kuhusu nafasi kati ya mistari, mpaka mteja akapiga simu. Nikasema iunganishwe. Sasa mnataka maoni marefu zaidi?

Meneja alikuwa anajibu swali jingine, na nilitaka kumrudisha. Kiongozi wa timu alinizuia.

Kiongozi wa timu: Ana hoja, mwacheni. Bosi, kwenye PR ile, yapo maoni ambayo mfumo usingeweza kwenda kazini bila kuyatimiza?

Meneja: Sijui. Yote yalionekana sawa.

Kiongozi wa timu: Ndiyo shida yenyewe. Nafasi kati ya mistari ningemwachia `black`, inazipanga yenyewe, hakuna sababu ya mtu kumwandikia mwenzake hilo. Jina la kigezo ningeliwekea alama ya "si lazima", yeye aamue. Ukiona alama ya "lazima", unajua kwa nini tunachelewa, na kijana anajua aanzie wapi. Kwenye msimbo huu ningeweka "lazima" tatu tu. Ya kwanza mmeiona. Ya pili ni ya deni, mstari wa sita mpaka wa nane.

Mtu wa seva: Ya deni si inakwisha tukishazuia risiti kujirudia?

Kiongozi wa timu: Haiishi. Chukua mwanafunzi anayedaiwa 400,000. Baba analipa 150,000, na mjomba, bila wao kuambiana, analipa 50,000 dakika hiyohiyo. Risiti ni mbili tofauti, zote halali. Mchakato wa kwanza unasoma 400,000. Wa pili nao unasoma 400,000. Wa kwanza unaandika 250,000. Wa pili unaandika 350,000 juu yake. Pesa ya baba ipo kwenye jedwali la malipo, lakini kwenye deni haimo. Deni lilipaswa kuwa 200,000. Hapo dawa ni kuiachia hifadhidata ifanye hesabu yenyewe badala ya Python.

Mwalimu: Na hayo ungeyaweka kwenye maoni yaleyale?

Kiongozi wa timu: Hapana, ningeyapa mahali pake, kwenye mstari wa saba. Nikiyachanganya, atadhani ni kosa moja, kama kaka alivyodhani sasa hivi. Na ningemwandikia mfano wa baba na mjomba kwa tarakimu hizohizo. Tarakimu chache zinaeleweka kuliko aya nzima kuhusu michakato inayogongana.

Kijana: Na ya tatu?

Kiongozi wa timu: Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu marekebisho ya kwanza yanaweza kumfanya kijana aone amemaliza. Tuseme malipo yameandikwa, kisha seva ikazimika kabla deni halijapunguzwa. Taarifa ikirudi, msimbo unaikuta risiti, unasema nimeshaipokea, unaondoka. Deni halitapungua kamwe. Mzazi amelipa, risiti ipo, na mtoto anazuiwa getini. Kwa hiyo hatua mbili ziwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: zipite zote au isipite hata moja.

Aliandika namna ambavyo msimbo wa mwisho ungeonekana:

```python
with transaction.atomic():
    malipo, jipya = Malipo.objects.get_or_create(
        risiti=data["risiti"],
        defaults={"mwanafunzi_id": data["mwanafunzi"],
                  "kiasi": data["kiasi"]})
    if jipya:
        Mwanafunzi.objects.filter(id=data["mwanafunzi"]).update(
            deni=F("deni") - data["kiasi"])
```

Mwalimu: Sasa umempa kila kitu. Hakuna alichobakiziwa.

Kiongozi wa timu: Hii nimewaandikia ninyi, mwalimu. Kwenye PR ningempa ya kwanza kwa ukamilifu, kwa sababu mtu hawezi kuibuni `unique=True` kwa kufikiri tu kama hajawahi kuumizwa na jambo hilo. Ya pili ningempa mfano wa baba na mjomba na jina la `F()`, msimbo aandike mwenyewe. Ya tatu ningemuuliza: "Seva ikizimika baada ya mstari wa tano, taarifa ikirudi itafanya nini?" Kufikia hapo ameshaona namna ya kuuliza.

Mwalimu: Mimi ningeigeuza. Swali lije kwanza, jibu lije mwisho, akishindwa.

Kijana: Mwalimu, shikamoo, naomba nikupinge kidogo. Swali likija kwanza nikiwa sijui kama nimekosea sana au kidogo, silifikirii. Natafuta tu namna ya kutoka. Jibu la kwanza likinionyesha kwamba dada yuko upande wangu, swali la tatu nalifikiria kweli.

Mwalimu: Marahaba. Wewe unasema hivyo, lakini nimefundisha wengi ambao baada ya jibu la kwanza walikaa wakisubiri la pili.

Hawakukubaliana, na sidhani ningewalazimisha. Nadhani inategemea mtu aliyefungua PR ni nani na amekaa na timu kwa muda gani, na hilo mpitiaji hulijua kuliko mwandishi wa makala.

Mtu wa seva, ambaye kwa muda alikuwa kimya, alirudi na jambo ambalo hakuna aliyeligusa.

Mtu wa seva: Dada, umemwambia aweke `unique=True` na migresheni. Kwenye kompyuta yake jedwali ni tupu, itapita. Kwenye mfumo unaofanya kazi kuna malipo ya miezi mingi, na msimbo wa zamani ulikuwa na kosa hilihili. Kama kuna risiti hata moja iliyojirudia, migresheni itakataa kupita, na kijana atadhani ameharibu.

Kiongozi wa timu: Umenikamata. Hilo halikuwemo kwenye maoni yangu, na lilipaswa kuwemo. Ningeongeza kwamba kabla ya kupeleka, tuangalie kwanza:

```sql
SELECT risiti, COUNT(*) FROM ada_malipo
GROUP BY risiti HAVING COUNT(*) > 1;
```

Meneja: Na zikipatikana, azifute?

Kiongozi wa timu: Hasha. Hizo ni rekodi za fedha, na deni la mwanafunzi linaweza kuwa limepunguzwa mara mbili au mara moja, kutegemea michakato ilivyopishana siku ile. Kila moja inahitaji kulinganishwa na taarifa ya kampuni ya simu, na mhasibu wa shule awepo. Hiyo si kazi ya kijana, na ningeiandika waziwazi: "Zikionekana zilizojirudia, usizifute. Niletee orodha, mimi na mhasibu tutazishughulikia. PR yako haina kosa."

Kijana: Hilo la mwisho liandike, dada. Nikiona migresheni imekataa kwenye mfumo wa kazi saa kumi na moja jioni, ningezifuta.

Mtu wa seva: Angezifuta. Na mimi ningempigia simu kwa hasira, wakati kosa ni la msimbo ambao hata hakuuandika yeye.

Meneja: Basi mimi niulize. Hayo ya orodha na mhasibu yanakaa wapi, kwenye PR ya kijana au kwenye ratiba yangu?

Kiongozi wa timu: Kwenye ratiba yako, bosi, na kwa jina langu. Kwenye PR yake unabaki mstari mmoja tu unaomwambia kwamba kuna mtu ameshalibeba.